Tumbo Langu Halikuhitaji Kamera

Juu ya kabati la mama, pale nyumbani karibu na mpaka wa Kericho na Bomet, kuna bahasha ya kaki iliyofura kama mandazi. Ndani yake kuna tumbo langu. Kuna karatasi tatu za kipimo cha Widal, mbili za choo, moja ya H. pailori, picha ya ultrasaundi, ripoti ya endoskopi na ripoti ya kolonoskopi. Nilizijumlisha juzi nikiwa sina kazi ya kufanya: shilingi 43,300, na hapo sijahesabu dawa, nauli, wala siku ambazo mama aliacha kuchuma majani chai ili anisindikize. Bonasi yote ya mwaka ule iliingia kwenye hiyo bahasha, na haikutosha.

Jibu la karatasi zote hizo ukiziweka pamoja ni kwamba sina kitu.

Lakini nilikuwa na kitu. Nilikuwa na ugonjwa ambao una jina, una vigezo vya kuutambua, na vigezo vyenyewe vimeandikwa tangu kabla mama hajaolewa. Daktari anaweza kuutambua akiwa ameketi kwenye kiti, kwa maswali, kwa dakika ishirini. Madaktari huuandika IBS. Mimi nauita utumbo nyeti, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yake. Na ugomvi wangu leo ni na watu wote wanaouza, na wanaonunua, ile hekaya kwamba ugonjwa haujajulikana mpaka mashine iseme.

Nianze na tumbo lenyewe. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikula kitu kibovu, nikahara siku nne mpaka nikaona ukuta wa choo cha hosteli umekuwa rafiki. Nikapona. Ila tumbo halikurudi lilivyokuwa. Likaanza kunisokota upande wa chini kushoto, mara mbili tatu kwa wiki, hasa asubuhi. Nikienda haja, maumivu yanapungua. Siku za kusokotwa ninaenda mara nne kabla ya saa nne, na choo ni laini kama uji. Halafu wiki nyingine hakuna kitu, kavu. Tumbo linajaa hewa hadi suruali inakataa kufungwa jioni, na asubuhi inafungwa vizuri tu. Mitihani ikikaribia, ndio kabisa. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu nyingi, karo ikiwa ya kwanza, lakini nikikwambia choo hakikuwa mojawapo nitakuwa nakudanganya.

Soma hiyo aya tena, kwa sababu utambuzi wote umo mle ndani. Hakuna kilichoongezwa baadaye na mashine yoyote.

Mwaka 1978, madaktari wa Bristol, Uingereza, mmoja wao akiitwa Manning, waliwapa wagonjwa wa maumivu ya tumbo fomu ya maswali, kisha wakawafuata zaidi ya mwaka mmoja ili kuona nani alikuwa na ugonjwa wa kuonekana na nani alikuwa na utumbo nyeti. Wakakuta dalili zenyewe zinatenganisha makundi hayo mawili. Waliokuwa na utumbo nyeti walisema zaidi kwamba maumivu yanapungua baada ya kwenda haja, kwamba maumivu yakianza choo kinakuwa laini na cha mara nyingi, na kwamba tumbo linafura waziwazi. Wataalamu wengine wakaendelea na kazi hiyo, na leo tuna Vigezo vya Roma, toleo la nne, la mwaka 2016. Vinasema hivi: uwe na maumivu ya tumbo yanayorudi, kwa wastani angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, na yawe yanaambatana na angalau mambo mawili kati ya matatu. Yahusiane na kwenda haja. Yaje pamoja na kubadilika kwa idadi ya safari za choo. Yaje pamoja na kubadilika kwa sura ya choo. Na hali yote iwe imeanza si chini ya miezi sita iliyopita.

Basi. Mimi nilikuwa na yote matatu, na miezi sita ilipita zamani.

Sasa tazama nilichofanyiwa badala ya kuulizwa. Kituo cha kwanza, kijana wa mapokezi hata hakuinua kichwa: "Tumbo? Enda maabara kwanza, uje na majibu." Kwanza damu, maneno baadaye. Widal ikasema taifodi. Nikapewa antibaotiki wiki mbili. Miezi miwili baadaye tumbo liko palepale, Widal nyingine, taifodi tena. Ya tatu, taifodi tena. Kwa hesabu hiyo mimi ndiye binadamu wa kwanza kuugua homa ya matumbo mara tatu bila kuwa na homa hata siku moja.

Widal ni kipimo cha mwaka 1896. Hakitafuti kijidudu cha taifodi. Kinatafuta askari ambao damu yako iliwahi kuwaandaa dhidi ya vijidudu vya jamii hiyo. Ukiwahi kuugua zamani, askari wako bado wamo. Ukipata malaria au maambukizi mengine, wanaweza kutokea wanaofanana nao. Katika nchi ambapo vijidudu hivyo vipo kila mahali, mtu mzima mwenye afya kabisa anaweza kupimwa sasa hivi na karatasi ikasoma "chanya". Taifodi ya kweli huleta homa inayopanda siku baada ya siku, kichwa kuuma, mwili kulegea, na huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara. Haiji Jumatatu asubuhi na kuondoka ukitoka chooni.

Karatasi ya choo ikasema amiba. Sawa, amiba ipo Kericho, sikatai. Lakini chini ya darubini ya kawaida amiba anayeumiza na binamu yake asiyeumiza mtu wanafanana kama mapacha, isipokuwa umkute anayeumiza na chembe nyekundu za damu tumboni mwake. Nikapewa dawa zile za kuufanya mdomo uwe na ladha ya sarafu. H. pailori nayo ikasema ndiyo. Kilikuwa kipimo cha damu, kinachotafuta askari vilevile, na askari hao hubaki muda mrefu hata bakteria akishaondoka. Hapa kwetu watu wazima wengi tu wana bakteria huyo au waliwahi kuwa naye. Na hata akiwepo, yeye hukaa juu, kwenye mfuko wa chakula. Hawezi kuniambia kwa nini nasokotwa chini kushoto na kupata nafuu nikienda haja.

Unaona mchezo? Kila kipimo kilikuwa na jibu, na hakuna jibu lililokuwa la swali langu.

Kuna hesabu ndogo ambayo ningetaka ibandikwe kwenye mlango wa kila maabara. Vipimo vingi vya damu vina mpaka wa kawaida, na mpaka huo kwa desturi huwekwa ili watu 95 kati ya 100 wenye afya wawe ndani yake. Maana yake watano wenye afya watatoka nje kwa bahati tu. Kipimo kimoja, hatari ya kuonekana mgonjwa bure ni asilimia 5. Ukipima vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano kwamba angalau kimoja kitatoka nje ni asilimia 64. Kwa hiyo ile "fulo bodi chekapu" ya ofa ya Desemba inaweza kumgeuza mtu mzima kabisa kuwa mgonjwa kwa uwezekano mkubwa kuliko kurusha shilingi. Na kikishatoka kimoja nje, kinadai kingine cha kukieleza. Ndivyo nilivyofika kwenye kamera.

Kamera mbili, moja kutoka juu na moja kutoka chini. Kuhusu ya chini sitasema mengi, ila wale waliowahi kunywa zile lita za dawa ya kusafisha utumbo usiku kucha wananielewa. Ripoti zote mbili: kawaida. Daktari akanipigia bega, akasema, "Huna shida, kijana. Punguza mawazo." Nikatoka pale nikiwa nimefukuzwa mara mbili: chuo hakinitaki, na sasa ugonjwa pia haunitaki.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Kamera huona umbo. Inaona kidonda, uvimbe, damu, wekundu. Utumbo nyeti hauna hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu tatizo lake liko kwenye hisia na mwendo. Piga picha redio inayokoroma: picha itatoka safi sana, na hutasikia mkoromo. Mwaka 1973, daktari wa London aitwaye Ritchie aliingiza kipuputo ndani ya utumbo wa watu wenye hali hii na watu wasio nayo, akakijaza hewa kidogo kidogo. Wenye utumbo nyeti waliumia kwa hewa kidogo, ile ambayo wengi wa wenzao hawakuiona kuwa shida. Utumbo ni uleule, ukuta ni uleule, ila waya wa habari kati ya tumbo na ubongo umeongezwa sauti. Kwa hiyo maumivu ni ya kweli. Na moja ya mambo yanayojulikana vizuri kuongeza sauti hiyo ni maambukizi makali ya tumbo: takriban mtu mmoja kati ya kumi huachwa na utumbo nyeti baada ya kuhara kwa namna hiyo. Zile siku nne za hosteli, mnazikumbuka? Hakuna aliyeniuliza habari zake.

Hakuna mpaka nilipokutana na mama mmoja, klinikal ofisa wa makamo, katika zahanati ndogo upande wa Bomet ambako nilikuwa nimemsindikiza shangazi na goti lake. Shangazi ndiye aliyenichoma: "Daktari, huyu naye tumbo limemmaliza." Nikampa ile bahasha kama mtu anayekabidhi silaha. Akaiweka mezani bila kuifungua.

"Hizi nitasoma baadaye," akasema. "Chamgei kwanza. Niambie wewe."

"Chamgei mising, daktari."

Akaniuliza linauma wapi, tangu lini, mara ngapi kwa wiki. Likiuma, ukienda haja inakuwaje? Choo kinakuwaje siku hiyo? Akatoa kwenye droo karatasi yenye michoro saba, ile ya Bristol, kuanzia vinundu vikavu kama vya mbuzi hadi maji matupu, akaniambia nioneshe yangu bila haya. Nikaonesha namba sita, na wiki nyingine namba mbili. Akauliza ilianzaje, nikamwambia habari za hosteli. Akaandika.

Kisha akabadilisha sauti, na hii sehemu ya pili ndiyo watu husahau. Umewahi kuona damu kwenye choo? Umepungua kilo bila kutaka? Je, tumbo au kuhara hukuamsha usiku wa manane kutoka usingizini? Homa, jasho la usiku? Kuna mtu kwenu aliyeugua saratani ya utumbo, au ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana? Chakula kinakwama ukimeza? Umri nilishamwambia. Nikajibu hapana kwa yote. Akanilaza, akanibonyeza tumbo, akatazama kope zangu kama zina damu ya kutosha.

"Kuna vipimo vichache ningefanya," akasema, "lakini vingine umeshafanya mara tatu." Akataka hesabu kamili ya damu, kuona kama nina upungufu; kipimo cha damu cha kuonesha uvimbe mwilini; na kile cha virusi vya Ukimwi, kwa kuwa kuharisha kwa muda mrefu hapa kwetu hakuachwi bila kuuliza hilo. Choo, alisema, kingepimwa mara moja tu, na kilishapimwa. Yote yakatoka mazuri. Akaniandikia jina la ugonjwa kwenye kitabu changu cha kliniki, kwa kalamu ya buluu, akanieleza unavyofanya kazi. "Hauui na haugeuki saratani," akasema. "Lakini mojawapo ya yale niliyokuuliza mwishoni likianza, usikae nyumbani eti kwa sababu mimi niliandika hivi. Urudi."

Sasa msije mkadhani huyu mama alikuwa anabahatisha kwa sababu hana mashine. Uingereza wenye mashine zao hufanya hivihivi. Mwongozo wao wa kitaifa wa mwaka 2008 unasema mgonjwa anayekidhi vigezo na asiye na dalili za hatari apimwe hesabu ya damu, vipimo vya uvimbe, na kingamwili za ugonjwa wa ngano. Halafu unataja kwa majina vitu visivyohitajika ili kuthibitisha utambuzi: ultrasaundi, kolonoskopi, kipimo cha tezi la shingo, kipimo cha damu iliyofichika chooni, hata vipimo vya vimelea chooni. Hicho cha mwisho mimi naona si chetu. Wao hawaishi na amiba, sisi tunaishi nao, kwa hiyo mara moja ni halali. Lakini mengine yote yaliyo kwenye orodha hiyo na yaliyowezekana kunifanyia, nilifanyiwa.

Na kuna Wadenmaki. Waliwachukua wagonjwa 302, wenye umri wa miaka 18 hadi 50, wanaoonekana kuwa na hali hii na wasio na dalili za hatari. Wakawagawa kwa bahati nasibu. Nusu walitambuliwa kwa dalili na vipimo vichache vya damu. Nusu wakapitishwa kwenye vipimo vingi vya kuondoa kila kitu kingine, pamoja na kamera ya utumbo. Baada ya mwaka, matokeo yalichapishwa 2013: wa kundi la kwanza hawakuwa na maisha mabaya zaidi ya wa pili, na gharama yao ilikuwa ndogo. Katika watu wote hao hakukupatikana saratani hata moja ya utumbo, wala ugonjwa wa vidonda vya utumbo, wala ule wa ngano. Hilo la kwamba mtu atatulia akipimwa kila kitu halikuonekana. Nami ni shahidi: kila karatasi safi iliniongezea hofu, maana nilijiambia ugonjwa wangu umejificha kuliko nilivyodhani.

Najua mtakalosema, kwa sababu mama alilisema na ana haki. "Huku kwetu watu wanakufa na saratani. Utasemaje usipimwe?"

Ni kweli, wanakufa. Bomet ni mahali pabaya kwa saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni. Madaktari wa Tenwek wamekuwa wakiliandika jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2010 walichapisha habari za wagonjwa 109 waliokuwa na miaka 30 au chini, umri ambao kwingine saratani hiyo hupatikana kwa nadra sana. Kila familia ninayoijua ina mtu wake. Na kila familia ina nadharia yake: majivu ya mursik, pombe, chai ya moto. (Kuhusu chai, Shirika la utafiti wa saratani la kimataifa mwaka 2016 liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye orodha ya vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Chai ya nyumbani kwetu hunywewa ikiwa bado inachemka kwa hasira. Mpoze kidogo.)

Lakini saratani hiyo nayo ina mchoro wake, na mchoro huo si wangu. Ugali unaanza kukwama. Baadaye nyama, kisha wali, kisha mtu anabaki na uji na maziwa. Kilo zinaanguka. Haipungui ukienda haja, haina wiki nzuri na wiki mbaya, haisubiri mitihani. Mtu yeyote katika nchi hii ya majani chai anayesema chakula kinakwama anapaswa kupata kamera ya juu haraka, bila Widal, bila dawa za asidi za majaribio kwa miezi. Yaani utambuzi kwa dalili hausemi watu wasipimwe. Unasema nani apimwe, kipimo gani, na nani asimame mbele ya foleni.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Mjomba wangu, mwenye shamba mkabala na letu, alianza kusukuma ugali kwa maji mwezi wa Februari. Nilimwona kwa macho yangu, sote tulimwona, tukasema anakula haraka. Alienda kituoni akasema "tumbo na kifua vinanisumbua". Kifua kwake kilikuwa pale chakula kinapokwama, lakini hakuulizwa "kinakwama?" Aliulizwa kama ana pesa ya maabara. Widal ikasema taifodi, kama kawaida yake. Sindano. Baadaye dawa za asidi, mwezi mmoja, kisha mwingine. Kufikia Mei alikuwa anakunywa uji na mursik peke yake, na mkanda wake una matundu matatu mapya aliyotoboa kwa msumari.

Mimi siku yangu ya kamera ilikuwa mwezi huohuo wa Mei. Tulikuwa tisa kwenye benchi, nami nilikuwa namba nne: kijana wa miaka 24, kilo zangu zote ninazo, nina matatizo ya gesi na mitihani niliyoiacha. Mjomba alipewa tarehe ya wiki tatu mbele, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Sijui ni wangapi kati ya wale wanane wengine walikuwa kama mimi. Sikuuliza, na hata ningeuliza, wangeniambia walichoambiwa: upimwe tu, upate uhakika.

Siwalaumu madaktari peke yao. Daktari anayekuambia "huhitaji kipimo" tunatoka kwake tukisema hajui kazi, tunavuka barabara kwa yule mwenye mashine yenye taa. Tumejifunza kulipa karatasi na kukataa kulipa masikio. Dakika ishirini za maswali hazina stakabadhi. Na kituo kinachoishi kwa maabara hakiwezi kupenda ugonjwa unaotambuliwa bure. Hilo si tusi, ni hesabu ya kodi na mishahara. Lakini tusiite hesabu hiyo tiba.

Nikubali pia mipaka. Mchoro wa dalili hukosea mara nyingine. Ndiyo maana unakwenda na yale maswali ya hatari na vipimo vichache, si peke yake. Anayehara tu, bila wiki za kukauka, kama anaweza kufika mji wenye maabara kubwa, kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini husaidia kuonesha kama utumbo una uvimbe wa kweli kabla ya kumpeleka kwenye kamera. Mwanamke aliyepita miaka hamsini ambaye tumbo limeanza kufura mwaka huu asiambiwe ni utumbo nyeti bila mayai ya uzazi kuangaliwa. Mwenye homa, jasho na kukonda atafutiwe kifua kikuu cha tumbo. Kijana mwenye damu kwenye choo, hata awe na miaka ishirini, aende kwenye kamera, na mimi nitampa nafasi yangu kwenye benchi.

Kuhusu kuishi nayo sina hadithi ndefu. Nilipunguza maharagwe na kabichi, si kuyaacha. Chai ya maziwa vikombe sita ilishuka hadi viwili, kwa sababu maziwa mabichi yananijaza hewa na mursik hainifanyi kitu. Nina vidonge vya kutuliza msokoto kwa siku mbaya. Bado nina asubuhi mbaya. Ila sijapima kitu mwaka na nusu, na choo cha matatu ya Kericho hadi Nakuru hakipo, kwa hiyo najua kila petroli iliyo njiani.

Mjomba aliwekewa bomba la chuma la kufungua umio mwezi wa Julai. Siku aliyorudi nyumbani alikula ugali laini na mchuzi, polepole, watoto wakimtazama, na mama akampa chai aliyokuwa ameipoza kwa kuimimina kikombe kwa kikombe. Tulimzika Januari. Ile bahasha bado iko juu ya kabati. Mama anakataa kuitupa, anasema ni pesa nyingi sana.